Maandazi yavimbe pande zote, yasinywe mafuta: tulivyopima Mikumi kwa kilo moja ya unga

Leo tunaingia jikoni, na hii inawahusu zaidi nyie mnaopokea oda za maandazi kwa simu kuliko wenye kibanda. Sababu ni ndogo tu. Andazi la kibandani linaliwa likiwa moto, mteja hana muda wa kuona karatasi ikiloa. Andazi la oda linakaa kwenye boksi saa nzima au mbili, linapanda bodaboda, na likifika mteja anafungua anakuta kitako cha boksi kina mafuta na maandazi mengine yamevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Hapo picha nzuri uliyoweka stetasi haikusaidii.

Kuna mama mmoja yuko Mikumi, anauzia abiria wa mabasi asubuhi na mchana anapeleka oda maofisini. Alinitumia meseji na picha, akasema, "Mwanangu, unga nanunua mzuri, hamira naweka, lakini maandazi yangu nusu yanavimba nusu yamelala, na mafuta yanaisha kama nayanywa mwenyewe." Mimi niko Kilosa, Mikumi si mbali, nikapanda gari nikaenda. Nikamwamkia, nikakaa pembeni ya jiko lake kuanzia alfajiri bila kugusa kitu. Nilitaka kuona anavyofanya siku zote.

Kwanza tulipima. Huwezi kusema mafuta yanaisha kama hujui yanaisha kiasi gani. Njia ni rahisi, haitaki mzani. Tulichukua dumu linaloonyesha ndani, tukalijaza maji kwa chupa ya nusu lita, kila chupa tukapiga alama kwa kalamu ya wino mzito. Tukalikausha kabisa. Tukaweka lita 2 za mafuta, tukayamimina kwenye karai, akakaanga kilo moja ya unga kama kawaida yake. Mafuta yalipopoa kabisa, narudia, kabisa, tukayachuja na kuyarudisha kwenye dumu. Yalipungua mililita 450 hivi. Alipata maandazi 34, kwa hiyo kila andazi lilikuwa limeondoka na karibu mililita 13, ambayo inakaribia kijiko kimoja cha chakula. Fikiria mteja wako ananyweshwa kijiko cha mafuta kwa kila andazi.

Sasa nieleze nilichokiona, halafu tulichobadilisha.

Unga wake alikuwa anaukanda vizuri, sina neno. Kilo moja ya unga, maji ya vuguvugu kama nusu lita na kidogo, hamira vijiko vitatu vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, iliki, mafuta vijiko vitatu vya chakula. Ila sukari alikuwa anaweka robo kilo nzima. Sukari nyingi ina mambo mawili. Inaichelewesha hamira kufanya kazi, na inafanya andazi libadilike rangi haraka sana. Likiwa jeusi nje na bichi ndani, unafanya nini? Unapunguza moto. Na moto ukiwa mdogo ndipo mafuta yanapoanza kuingia. Kwa hiyo ukiona unalazimika kukaanga kwa moto wa chini sana ili yasiungue, usilaumu jiko, angalia sukari kwanza. Tulishusha hadi gramu 150, yaani vijiko vya chakula kama kumi na mbili vilivyosawazishwa. Najua kiwanda cha sukari cha Kilombero tuko nacho jirani, lakini hiyo isiwe sababu ya kuimwaga.

Jambo la pili ni kusukuma. Mama alikuwa anasukuma donge kwa mkono wa mazoea, katikati panabaki nene na pembeni pembamba. Akikata, vipande vya pembeni vinakuwa vyembamba upande mmoja na vinene upande wa pili. Kipande kama hicho hakiwezi kuvimba sawa hata ungekikaanga kwa mafuta ya dhahabu. Upande mwembamba unaiva na kukakamaa mapema, upande mnene bado unapanuka, basi kinainuka huku na kulala kule. Dawa yake ni vijiti viwili. Nenda kwa fundi seremala yeyote, muombe mabaki ya mbao mbili nyembamba zenye unene unaolingana, chini kidogo ya sentimita moja. Zioshe, zianike. Unaweka moja kushoto na nyingine kulia mwa donge, mti wa kusukumia unatembea juu ya vyote viwili. Mti ukishakanyaga vijiti, haushuki tena, na donge lote linakuwa na unene mmoja. Unene huo unakupa andazi lenye nyama laini ndani. Ukitaka lile la wazi katikati, la kujaza, punguza unene hadi kama nusu sentimita. Ndivyo yalivyo mahamri ya wenzetu wa pwani, yale ya tui la nazi na iliki yanayoliwa na mbaazi.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo nadhani wengi mnalo na hamlijui. Mama alikuwa anakata vipande vyote 34 kwa mpigo, anavipanga mezani karibu na mlango, wazi, halafu ndio anawasha jiko. Hapo matatizo mawili yanaanza kwa wakati mmoja.

La kwanza ni upepo. Kipande kikikaa wazi, juu yake panakauka na kufanya ngozi. Ukikigusa hakinati, kinakwaruza. Ngozi hiyo haitanuki. Hewa ya ndani ikipata joto inatafuta pa kutokea, inakuta juu pamefungwa, inapasua pembeni. Ndio ule mpasuko unaouona ubavuni, na kwenye mpasuko mafuta yanaingia moja kwa moja hadi katikati. Funika vipande kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kisiwe kinachuruzika maji. Basi.

La pili ni muda. Kipande kilichokatwa kinahitaji kupumzika kidogo kiumuke tena kabla ya karai. Kwa joto letu hili la Kilosa na Mikumi, dakika 15 hadi 20 mara nyingi zinatosha. Lakini mama anakaanga kwa karibu nusu saa. Maana yake kipande cha mwisho kimekaa dakika 20 za kupumzika na nusu saa ya kusubiri foleni. Hicho kimeumuka kupita kiasi. Ndani kina mapovu makubwa yenye kuta dhaifu, ukikiinua kinalegea mkononi, kikiingia kwenye mafuta kinavimba kwa fujo, halafu kikitoka kinanywea na kukunjamana, na yale mapovu yanageuka visima vya mafuta. Ndio maana maandazi ya mwanzo yalikuwa mazuri na ya mwisho mabaya, na yeye alidhani ni mafuta yamechoka.

Utajuaje kipande kimefika? Bonyeza pembeni kwa ncha ya kidole, taratibu. Shimo likirudi papo hapo kama mpira, bado. Likirudi polepole na kubaki alama ndogo, peleka karaini. Likibaki shimo bila kurudi, au kipande kikishuka chote, umechelewa. Vilivyochelewa usivikaange, vikusanye, vikande tena kidogo, sukuma upya. Havitakuwa kama vya kwanza lakini vitauzika.

Tulichofanya ni kugawa. Donge likishaumuka, tulilikata mafungu matatu. Fungu moja lilisukumwa na kukatwa, mafungu mawili yalibaki kwenye beseni lililofunikwa, sehemu yenye kivuli. Fungu la kwanza lilipokaribia kuingia karaini ndio la pili likasukumwa. Kila kipande kikapata muda wake. Na siku yenye joto kali sana, punguza hamira kutoka vijiko vitatu hadi viwili na kanda kwa maji ya kawaida badala ya vuguvugu, vinginevyo donge litakukimbiza wewe.

Haya, mafuta. Andazi linataka mafuta yenye joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi. Wengi hatuna kipimajoto na si lazima. Chukua kijiti kikavu cha mbao, chomeka ncha hadi iguse chini ya karai. Kukiwa kimya, ni baridi bado. Vipovu vidogo vikitoka mfululizo kuzunguka kijiti, mafuta yako tayari. Vikitoka kwa vurugu kubwa, au ukiona moshi, umepitiliza, toa mkaa kidogo usubiri. Halafu hakikisha kwa kipande cha donge kikubwa kama punje ya karanga. Kikizama na kuinuka ndani ya sekunde mbili tatu, kamili. Kikikaa chini na kutafakari, subiri.

Kwa nini mafuta ya baridi ni mabaya kiasi hicho? Donge lina maji. Likiingia kwenye mafuta ya moto, maji ya juu yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ule mlio wa chwaaa na mapovu unayoyaona. Mvuke unaotoka unazuia mafuta yasiingie, na wakati huohuo ganda jembamba linajijenga. Mafuta yakiwa baridi mvuke unakuwa dhaifu, ganda linachelewa, na andazi linalazimika kuogelea dakika nyingi ili lipate rangi.

Na hapa ndipo karai la mama lilipokuwa linamuangusha. Alikuwa anaweka vipande 14 kwenye lita 2 za mafuta. Mafuta yalikuwa na joto zuri mwanzo, lakini vipande 14 vya baridi vikizama pamoja joto linashuka ghafla. Mlio ulififia, nikasikia kabisa. Kila raundi ilikula dakika saba. Tukapunguza hadi vipande 6 kwa mara. Mama akaguna, "Sasa si tutakesha hapa?" Hatukukesha. Raundi sita za dakika tatu tatu, pamoja na kusubiri kidogo mafuta yarudishe joto, zilichukua dakika 24 hivi. Zile raundi zake tatu za dakika saba zilikuwa 21. Tofauti ya dakika tatu tu.

Kuvimba pande zote kunategemea sekunde za mwanzo. Weka kipande taratibu ukitanguliza upande uliokuwa juu mezani, maana huo ndio umekauka kidogo, na ule wa chini wenye unyevu ubaki juu ambako kutatanuka. Kikishaelea, chota mafuta ya moto kwa mwiko wa matundu au kijiko kikubwa, ukimwagie juu mara mbili tatu. Utaona kinajaa kama puto mbele ya macho yako. Kikishajaa, geuza mapema, usisubiri chini pawe kahawia kabisa. Ukichelewa kugeuza, upande mmoja unakuwa na ganda gumu na uzito wote uko huko, halafu kila ukikigeuza kinajirudisha chenyewe. Wenye hiyo shida mnaijua, andazi linalogoma kulala. Mafuta yawe na kina cha vidole vinne walau, ili kipande kielee bila kugusa chini. Kikigusa chini kinaganda na kuungua sehemu moja.

Sasa sikilizeni hili vizuri, kwa sababu ndilo lililonishangaza hata mimi nilipolijua. Sehemu kubwa ya mafuta haiingii wakati andazi liko karaini. Inaingia baada ya kulitoa. Ndani ya andazi la moto kumejaa mvuke unaosukuma kwenda nje. Ukilitoa linaanza kupoa, mvuke unarudi kuwa maji, nguvu ya ndani inashuka, na andazi linavuta kilicho juu ya ganda lake. Kama juu kuna mafuta, linavuta mafuta. Ni sawa na chupa ya plastiki uliyoifunga ikiwa na mvuke wa maji ya moto, ikipoa inajikunja yenyewe kwa kuvuta ndani.

Kwa hiyo nusu dakika ya kwanza nje ya karai ni muhimu kuliko karatasi zako zote. Mama alikuwa anaopoa na kutupia kwenye beseni la plastiki, moja juu ya jingine, anafunika na kitambaa. Mafuta ya andazi la juu yanadondokea la chini, la chini linayavuta, mvuke unakosa njia, ganda linalainika. Tulichobadilisha: inua andazi kwa mwiko wa matundu, lishikilie juu ya karai kama sekunde tano, litikise. Halafu lisimamishe kwa ubavu wake kwenye waya, siyo kulilaza. Likilala, mafuta yanakaa kama dimbwi juu na chini. Likisimama yanateremka yenyewe. Waya wowote safi wa kuokea unafaa, weka sinia chini yake. Karatasi safi ya kufutia jikoni inaweza kufuata baadaye, lakini magazeti acheni, wino unahamia kwenye chakula.

Siku ya pili tulipima upya kwa dumu lilelile, kilo moja ileile, maandazi 34. Mafuta yalipungua mililita 240. Gawanya, ni karibu mililita 7 kwa andazi. Tofauti ni mililita 210 kwa kila kilo ya unga. Tuseme unanunua lita kwa shilingi 6,000, umeokoa 1,260 kwa kilo. Mama anakaanga kilo tatu kwa siku, hiyo ni 3,780. Kwa siku 26 za kazi inafika 98,280. Weka bei ya mafuta ya kwako upige mwenyewe. Kumbuka tu kwamba katika kupungua huko yamo pia yaliyobaki kwenye chujio na kuta za karai, kwa hiyo usitegemee sifuri.

Sisi tulibadilisha vyote kwa siku moja kwa sababu nilikuwa na gari la kurudi. Wewe uliye nyumbani badilisha kimoja kwa siku na upime kila siku, utajua jiko lako linaumwa wapi. Kama unaanza na kimoja, anza na kupunguza vipande karaini, kisha kusimamisha kwenye waya.

Kuna mnaoniuliza kuhusu baking pauda. Kidogo si mbaya kama huna muda wa kusubiri hamira, lakini ukizidisha inafungua vitundu vingi vidogo na andazi linakuwa sponji. Vilevile mayai na siagi nyingi ndani ya donge huwa vinaongeza unywaji wa mafuta. Donge la oda za bei ya kawaida halihitaji vyote hivyo.

Mafuta yenyewe yana mwisho pia. Yachuje kila siku yakipoa, maana chenga za unga zilizobaki zinaungua na kuyaharibu. Yakishakuwa mazito kama uji mwepesi, meusi, yana harufu kali, au yanatoa povu lisilotulia hata bila andazi ndani, yameisha. Mafuta mazito yanang'ang'ania ganda na hayachuruziki, kwa hiyo yanaingia mengi zaidi. Hapo unayebana mafuta ndiye unayeyapoteza.

Mwisho ni kufunga. Usifunge andazi la moto, hata dereva wa bodaboda akiwa anapiga honi nje. Subiri dakika 20 au hadi liguswe bila kuunguza na lisiwe na mvuke. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hata isingekuwa hivyo, plastiki inafungia jasho ndani. Tumia mfuko wa kaki au boksi lenye matundu mawili pembeni, yapange yakiwa yamesimama kama vitabu. Kwa oda inayotoka Mikumi kuja Kilosa kwa gari, mwambie mteja kabisa kwamba yatafika yamepoa, ayapashe kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika mbili kila upande, bila kuongeza mafuta.